Fomula ipi hapa? Majibu kwa mwanafunzi wangu kuhusu maswali ya mwendo

Mwanangu,

Uliniachia daftari lako la fizikia, na pembeni mwa swali la gari lililofunga breki nimekuta umeandika: "Fomula zote nazijua, ila sijui nichukue ipi." Nimelipitia daftari mara mbili. Nakujibu kwa maandishi, swali baada ya swali, kwa kuwa haya uliyoniuliza ndiyo waliyoniuliza waliokutangulia, tena karibu kwa maneno yaleyale. Sitatoka nje ya mwendo katika mstari mnyoofu. Hapo ndipo ulipokwama, na ni uwanja mdogo ambao kosa la kuchagua halina pa kujificha.

Mwalimu, nimekariri fomula zote. Mbona swali jipya likija nashindwa kuanza?

Kwa sababu umekariri nusu ya kila fomula. Nusu uliyonayo ni herufi. Nusu uliyoiacha ni sharti, yaani hali ambayo fomula hiyo inasema kweli.

Chukua s = vt, umbali ni kasi mara muda. Ni fomula ya kweli kabisa, lakini ni ya kitu ambacho kasi yake haibadiliki. Gari likianza kupunguza mwendo, hiyo kasi ya kuweka kwenye v haipo tena, maana kila sekunde ina kasi yake. Katika daftari lako umeitumia mara tatu kwa vitu vinavyoongeza au kupunguza kasi. Naona ilivyotokea: uliliona neno "umbali", ukatafuta fomula inayoanza na s, ukachukua ya kwanza iliyokujia.

Neno "umbali" haliwezi kukuchagulia fomula. Lipo katika karibu kila swali la mada hii.

Basi nianzie wapi?

Anza na mchoro wa mstari mmoja. Weka alama pale mwendo unapoanza na pale unapoishia, kisha jiulize: kati ya alama hizi mbili, kuna mahali ambapo mchapuko unabadilika? Mchapuko ni kiasi ambacho kasi inaongezeka au kupungua kila sekunde. Kama unabadilika, weka alama nyingine hapohapo na uukate mwendo vipande. Kila kipande ni swali lake. Usiguse fomula kabla ya kukata.

Kisha, kwa kila kipande, andika herufi tano wima: s ni umbali kutoka ulipoanzia, u kasi ya mwanzo, v kasi ya mwisho, a mchapuko, t muda. Jaza zile unazozijua. Ile unayotafutiwa iwekee alama ya kuuliza. Ukishajua tatu na kutafuta moja, inabaki moja ambayo hukupewa wala hukuulizwa. Ndiyo itakayokuchagulia fomula, kwa sababu kila fomula ya mwendo imeacha herufi moja nje:

v = u + at haina s
s = ut + ½at² haina v
v² = u² + 2as haina t
s = ½(u + v)t haina a
s = vt − ½at² haina u

Kwa hiyo usijiulize "fomula ipi ina ninachotafuta?" Hapo utapata nne, ubaki palepale. Jiulize "ni herufi ipi haina kazi hapa?" Jibu ni moja.

Zote tano zina sharti moja: mchapuko usibadilike ndani ya kipande hicho. Liandike kwa kalamu juu ya orodha yako.

Swali limenipa namba mbili tu. Ya tatu naipata wapi?

Mara nyingi imeandikwa kwa maneno. "Linaanza kutoka katika hali ya utulivu" maana yake u = 0. "Linasimama" ni v = 0. "Jiwe linaachiwa" ni namba mbili kwa mpigo: u = 0, na mchapuko ni ule wa mvutano wa dunia, takriban mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, ambao maswali mengi hukuruhusu uuite 10. "Linafika kimo chake cha juu kabisa" ni v = 0 tena, kwa kuwa pale juu kitu kinaacha kupanda na bado hakijaanza kushuka.

Kuna mtego mmoja ninaouona kila mwaka. Swali linasema jiwe linafika chini, mwanafunzi anaandika v = 0 kwa hoja kwamba likifika ardhini linasimama. Ni kweli linasimama, lakini ni ardhi iliyolisimamisha, na ardhi ilipoligusa mchapuko ulibadilika. Hicho ni kipande kingine. Kipande cha kuanguka kinaishia nukta moja kabla ya kugusa ardhi, na hapo jiwe liko katika kasi yake kubwa kuliko zote.

Tulifanye lile la gari. Nilikosea wapi?

Nalinakili ili tulione pamoja. Gari la kilo 1200 linakwenda kwa mita 20 kwa sekunde. Dereva anaona mti umeanguka mita 50 mbele yake. Zinapita sekunde 0.6 kabla mguu wake haujakanyaga breki. Breki zinapunguza kasi kwa mita 5 kwa sekunde kila sekunde. Je, atasimama kabla ya mti? Kama hapana, ataugonga kwa kasi gani?

Wewe ulichukua v² = u² + 2as, ukaweka s = 50, ukapata v² = 400 − 500, yaani −100. Ukakwama kidogo, maana hakuna kipeuo cha pili cha namba hasi, kisha ukaandika: "Gari linasimama kabla ya mti." Hoja hiyo haikuwa mbaya. Namba hasi hapo kweli inakuambia kwamba gari linalofunga breki hivyo haliwezi kufika mita 50. Na fomula uliyoichagua ni yenyewe hasa! Kosa ni kwamba uliitandaza juu ya mita zote 50, wakati katika sehemu ya mwanzo breki hazikuwa zimeguswa.

Kata basi. Kipande cha kwanza ni tangu dereva anapouona mti hadi anapokanyaga breki. Mchapuko ni sifuri, kasi ni ileile, kwa hiyo hapa s = vt inaruhusiwa: 20 × 0.6 = mita 12. Gari limekula mita 12 kabla ya chochote kutokea, na mbele yake zimebaki 38.

Kipande cha pili kinaanzia hapo. Andika herufi zako:

s = ?
u = 20
v = 0
a = −5
t haitajwi

Tunataka kujua gari linahitaji mita ngapi kusimama. Muda hatujapewa wala hatuulizwi, kwa hiyo ni fomula isiyo na t. 0 = 400 + 2(−5)s, na s = 40. Linahitaji mita 40, lakini lina 38. Litaugonga mti.

Kwa kasi gani? Ni kipande kilekile, ila herufi zimebadilishana nafasi: sasa s = 38 inajulikana, na v ndiyo tunayoitafuta. Muda bado hauna kazi. v² = 400 + 2(−5)(38) = 400 − 380 = 20, na v ni takriban mita 4.5 kwa sekunde.

Linganisha na jibu lako. Wewe gari lako lilisimama mita 10 kabla ya mti. Fomula ni ileile, tofauti imeletwa na alama moja ya kukatia kwenye mchoro. Ndiyo maana sikubaliani na ulichoandika pembeni mwa daftari. Tatizo lako halikuwa fomula ipi, lilikuwa ni wapi inaanzia na wapi inaishia.

Mbona zile kilo 1200 hatukuzitumia? Nilidhani kila namba lazima iwe na kazi.

Hapana, na dhana hiyo imewaponza wengi. Watunga maswali hupenda kuweka namba ya ziada waone kama utaitafutia fomula kwa nguvu. Kwako ilifanya kazi: naona ulijaribu F = ma, ukaifuta, ukairudisha, ukaifuta tena.

Jaribio ni rahisi. Tungamo halimo kati ya zile herufi tano. Ukishajua mchapuko, mwendo haujali kama kinachokwenda ni gari au kokoto. Tungamo lingeingia kama swali lingekuuliza kani ya breki, au kama lingekupa kani hiyo badala ya mchapuko. Hapo F = ma ni daraja: unaingia na kani na tungamo, unatoka na mchapuko, kisha unarudi kwenye orodha yako ya herufi tano. Kwa gari hili kani ni 1200 × 5, nyutoni 6000. Haikuulizwa, lakini iweke, tutaihitaji hapo chini.

Ishara ya kutoa naiweka lini? Kila mara nabahatisha.

Chagua upande mmoja uwe chanya, chora mshale, uandike ishara za kipande kizima kwa kuufuata mshale huo. Upande wowote unafaa, ilimradi usiugeuze katikati ya swali.

Swali moja litakuonyesha faida yake. Jiwe linarushwa wima juu kwa mita 15 kwa sekunde kutoka ukingo wa paa lenye kimo cha mita 20, na linaangukia ardhini chini ya jengo. Litachukua muda gani? Wengi hulikata vipande viwili, kupanda na kushuka. Si kosa, lakini hapa hakuna haja ya kukata, kwa kuwa mchapuko ni uleule wakati wote, kwenda juu, pale juu kabisa na kurudi chini. Jiwe linapogeuka, kinachobadilika ni mwelekeo wa kasi tu.

Juu iwe chanya. u = 15. a = −10, kwa sababu mvutano unaelekea chini. Na s = −20, kwa sababu s haipimi njia yote iliyopitwa. Inapima mahali pa mwisho kutoka mahali pa mwanzo, na mahali pa mwisho pako mita 20 chini ya paa. Kasi ya mwisho haitajwi, basi ni fomula isiyo na v:

−20 = 15t − 5t²

Gawanya kwa 5 na upange: t² − 3t − 4 = 0. Majibu ni t = 4 na t = −1. Jiwe lilirushwa wakati saa inaanza kuhesabu, kwa hiyo muda wa kabla ya hapo haulihusu. Linachukua sekunde 4.

Ungeweka s = 20 ungepata mlinganyo usio na jibu lolote. Na ni haki yake, kwa kuwa kwa kasi ile jiwe linapanda mita 11.25 tu juu ya paa, halifiki kamwe mita 20 juu yake. Mlinganyo ukikataa hivyo, rudi kwenye mshale kabla ya kubadilisha fomula.

Wenzangu wanatumia nishati kwenye maswali hayahaya. Nitajuaje niende njia ipi?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote uliyoniuliza, na nakiri mimi mwenyewe nilimaliza sekondari bila kulielewa.

Tazama miteremko miwili isiyo na msuguano. Wa kwanza umenyooka, una urefu wa mita 10 na unashuka kimo cha mita 5. Wa pili umepinda kama bembea ya kuteleza, mkali juu na tambarare karibu na chini, nao unashuka mita 5. Kitu kinaachiwa juu kwa kila mmoja. Kitafika chini kwa kasi gani?

Kwenye ule ulionyooka mchapuko haubadiliki. Kimo ni nusu ya urefu, kwa hiyo mchapuko ni nusu ya 10, yaani 5. Muda hauulizwi: v² = 0 + 2 × 5 × 10 = 100, na v ni mita 10 kwa sekunde.

Kwenye ule uliopinda, ukali wa mteremko unabadilika kila hatua, na mchapuko unabadilika nao. Sharti limevunjika, na huwezi kukata vipande maana vingekuwa havina idadi. Hapo fomula zote tano zinakaa kando. Nishati haijali umbo la njia, inatazama mwanzo na mwisho tu: nishati ya kimo iliyopotea, mgh, ndiyo nishati ya mwendo iliyopatikana, ½mv². Tungamo linajifuta pande zote mbili, v² = 2 × 10 × 5 = 100, na kasi ni mita 10 kwa sekunde tena.

Hapa ndipo watu wanapojidanganya. Mwanafunzi anaweka h mahali pa s katika v² = u² + 2as kwa ule mteremko uliopinda, anapata 10, anawekewa vema, na anaondoka akiamini fomula ile inafaa popote. Kisha swali linalofuata linauliza muda. Kwenye mteremko ulionyooka ni t = v ÷ a = 10 ÷ 5, sekunde 2. Kwenye uliopinda, kimo peke yake hakiwezi kukupa muda kwa njia yoyote ile, na nishati haiwezi kukusaidia, kwa sababu katika fomula zake hakuna t.

Kwa hiyo mimi naamua hivi. Nikiulizwa muda au mchapuko, nakwenda kwenye herufi tano na kuhakikisha sharti limetimia. Nikiulizwa kasi na umbali au kimo, na muda hauna kazi, nishati inafaa, na kama njia imepinda ndiyo njia yangu. Msuguano ukiwepo nishati bado inafaa, mradi utoe ile iliyoliwa na msuguano.

Lile gari linakubali njia zote mbili, kwa hiyo tumia moja kuikagua nyingine. Mwanzoni gari lina nishati ya ½ × 1200 × 20², jouli 240,000. Breki zinakula kani mara umbali: 6000 × 38, jouli 228,000. Zinabaki 12,000. Weka ½ × 1200 × v² = 12,000, unapata v² = 20. Ni ileile.

Na nikiwa chumba cha mtihani, sina hakika kama fomula nimeikumbuka sawasawa?

Ipime kwa vizio. Tuseme unasita kati ya s = ut + ½at na s = ut + ½at². Upande wa kushoto ni mita. Katika ya kwanza, at ni kasi, na kasi hujumlishi na umbali. Itupe. Kisha jaribu kuweka a = 0: fomula ya mwendo unaobadilika lazima irudi kuwa s = ut ya mwendo usiobadilika. Isiporudi, kuna kitu umekiongeza.

Vizio vina mpaka, lakini. Haviwezi kukuambia kama ile nusu ipo au haipo, kwa kuwa nusu haina kizio. Ukiwa na shaka nayo, chora grafu ya kasi na muda kwa kitu kinachoanza kutoka utulivu. Inatoka pembetatu yenye kitako t na kimo at, na umbali ni eneo lake. Nusu inatoka hapo.

Kwenye karatasi ya fomula kuna P mbili na T tatu. Ipi ni ipi?

Usisome herufi, soma kizio. P ya paskali ni shinikizo, P ya wati ni nishati inayotumika kila sekunde. T ya sekunde ni kipindi, ya kelvini ni jotoridi, ya nyutoni ni mvuto wa kamba. Kizio cha namba uliyopewa kinatosha kukuamulia.

Nifanye mazoezi vipi wiki hii?

Usikokotoe. Chukua maswali kumi ya mwendo ambayo hujawahi kuyaona, na kwa kila moja fanya mambo matatu tu: mchoro wenye alama za kukatia, herufi tano za kila kipande, na jina la herufi isiyo na kazi. Ukifika hapo, acha, nenda swali linalofuata. Kukokotoa unajua. Ukimaliza kila swali hadi mwisho, muda wote utaishia kwenye kutoa na kugawanya, na kile unachokosea utakuwa umekifanya mara mbili tatu tu.

Anza na hili. Treni inaondoka kituoni kutoka utulivu kwa mchapuko wa mita 0.5 kwa sekunde kila sekunde kwa sekunde 40. Inaendelea kwa kasi iliyofikia kwa dakika moja. Kisha inafunga breki sawasawa na kusimama ndani ya mita 200. Imesafiri umbali gani, na kwa muda gani?

Vipande ni vitatu, na kuna namba mbili ambazo kila moja ni mwisho wa kipande kimoja na mwanzo wa kingine. Jibu lenyewe nakupa: mita 1800, sekunde 120. Ninachotaka uniletee ni zile safu tatu za herufi, na kwa kila safu, herufi uliyoiacha.

Mwalimu wako